Skrini nyeusi kila doki inapochomekwa: kisa cha laptopu ya karani wa Busia

Laptopu ilikuwa ya karani katika ofisi ndogo ya mawakala wa forodha, Busia, upande wa Uganda. Kazi yake ni kuingiza nyaraka za mizigo kwenye mfumo wa ASYCUDA wa mamlaka ya mapato, na malori hayasubiri. Tatizo alilieleza hivi: akiiwasha laptopu ikiwa imeunganishwa na doki, nembo ya mtengenezaji inatokea, vidoti vya Windows vinazunguka vizuri, halafu pale anapotarajia kuona sehemu ya kuandika nenosiri, giza. Akichomoa waya wa doki, picha inarudi. Akiurudisha, giza tena.

Doki kwa maana ya hapa ni kile kisanduku kinachoingia kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB-C na kuileta ofisi yote kwa pamoja: chaji, kebo ya mtandao, kipanya, printa na monita. Nataja vyote hivyo kwa sababu wakati tatizo lilipoanza, karani hakuwa na monita yoyote kwenye doki. Monita yake ya zamani ilikuwa imehamishiwa meza ya mtunza fedha. Doki aliiacha kwa ajili ya chaji na mtandao tu. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba huenda shida iko kwenye monita, alijibu kwa haki kabisa: "Fundi, monita gani? Mimi sina monita."

Kabla laptopu haijanifikia ilikuwa imeshapita mikono miwili. Wa kwanza alisema kadi ya picha inakufa. Wa pili aliifungua katika hali ya Safe Mode huku doki ikiwa imechomekwa, akaona picha safi, akahitimisha kuwa draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, imeharibika. Aliiondoa, akaweka mpya, na giza likabaki vilevile. Hatua iliyokuwa inafuata ni kufuta Windows yote na kuiweka upya. Nikasema tungoje kwanza.

Swali la kuanzia nalo, laptopu ya namna hii inapoletwa, ni kama imekufa au imepofuka. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa macho vinafanana. Njia ya haraka ni kitufe cha Caps Lock. Skrini ikiwa nyeusi, kibonyeze mara kadhaa uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, Windows iko hai na inasikiliza kibodi. Ikiganda, hapo mashine imekwama kweli na uchunguzi unakwenda njia nyingine. Ya karani iliwaka na kuzima bila shida. Nilimwomba aandike nenosiri gizani, kama anavyoandika kila siku, kisha nikachomeka flashi. Laptopu ikatoa ule mlio wake wa kupokea kifaa. Maana yake alikuwa ameshaingia ndani, kazi zinaendelea, ila hakuna anayeziona.

Kuhusu mlio huo kuna tahadhari. Ukiukosa usiseme mashine imekufa, kwa sababu sauti nayo inaweza kuwa imeelekezwa kwenye kifaa cha HDMI badala ya spika za laptopu. Taa ya Caps Lock ndiyo ya kuaminika zaidi.

Karani alikuwa na hofu kwamba mashine "inazimika yenyewe", maana fundi aliyenitangulia alimwonyesha alama nyekundu kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows: tukio la Kernel-Power, namba 41. Tukio hilo linawatisha wengi bure. Linasema tu kwamba Windows ilizimwa bila kuagwa. La maana ni yaliyomo ndani yake. Ukifungua sehemu ya Details, BugcheckCode ikiwa ni 0, hakukuwa na ile skrini ya buluu ya kuanguka kwa mfumo. Na PowerButtonTimestamp ikiwa na namba isiyo sifuri, kuna mtu alishikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazima. Ndivyo ilivyokuwa hapa, kila mara. Nilimuuliza kama alikuwa anaizima kwa kushikilia kitufe. Akacheka: "Sasa ningefanya nini, na sioni kitu?" Basi laptopu haikuwahi kuanguka hata mara moja. Ilikuwa inaangushwa.

Kule kushikilia kitufe ndiko kulikozaa dalili nyingine iliyowachanganya waliotangulia. Windows ikikatizwa mara kadhaa mfululizo wakati wa kuwaka, yenyewe inaingia kwenye ukurasa wa kujirekebisha, ule wenye maandishi Automatic Repair. Na ukurasa huo ulionekana vizuri, doki ikiwa imechomekwa. Kwa nini nembo ionekane, vidoti vionekane, ukurasa wa kujirekebisha uonekane, Safe Mode ionekane, lakini sehemu ya kuingilia isionekane?

Jibu la swali hilo ndilo ufunguo wa kisa chote. Laptopu inapowaka, picha ya mwanzo haichorwi na draiva ya kadi ya picha. Inachorwa kwa njia ya msingi inayoandaliwa na programu ya ubao mama, ile tunayoizoea kwa jina la BIOS, na kwa kawaida njia hiyo inatumia skrini ya laptopu yenyewe. Nembo na vidoti ni vya hatua hiyo. Kisha draiva kamili inaamka. Hapo ndipo Windows inapouliza: skrini zipi zimeunganishwa sasa? Ikishapata jibu, inafungua kumbukumbu yake na kutafuta mpangilio uliowahi kuchaguliwa kwa kundi hilo la skrini. Ikiukuta, inautumia palepale, kabla hata hujaandika nenosiri. Ukurasa wa kujirekebisha na Safe Mode hutumia draiva ya msingi ya Microsoft, isiyofuata kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo giza linaloanza sawasawa pale vidoti vinapoisha, huku Safe Mode ikionyesha picha, lina maelezo mawili: draiva yenyewe mbovu, au draiva nzima inayotii agizo baya. Fundi wa pili alikuwa na hoja kulifikiria la kwanza. Lakini draiva ilishabadilishwa na hali haikubadilika, na bila doki draiva hiyohiyo ilifanya kazi siku nzima. Nikaegemea la pili.

Agizo lenyewe lingeweza kuwa nini? Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, unapata chaguo nne: PC screen only, Duplicate, Extend na Second screen only. Hilo la mwisho linazima skrini ya laptopu na kupeleka kila kitu kwenye monita ya nje. Nilimuuliza karani alivyokuwa anafanya kazi zamani. Alisema meza yake ni nyembamba, laptopu aliisukuma pembeni, na kijana mmoja wa ofisini alimwekea "ionyeshe kwenye monita kubwa peke yake". Hapo nikaona sura ya jambo. Ila lilibaki fundo moja: Second screen only inahitaji skrini ya pili, na karani alishasema, mbele ya mashahidi, kwamba hana monita.

Fundo lilifunguka kwa laptopu ya mwenzake. Tuliichomeka kwenye doki ileile, na yenyewe haikuwa nyeusi. Picha ilikuwepo, kila kitu sawa, na mwenye laptopu alikuwa tayari kutangaza kwamba doki ni nzima na ubovu uko kwa karani. Nikamwambia asogeze kipanya kulia mpaka mwisho wa skrini. Kishale kikapita ukingo na kupotea. Akakirudisha kushoto, kikatokea. Laptopu ile ilikuwa inaamini kwamba upande wake wa kulia kuna skrini nyingine. Haikuwa na kumbukumbu ya Second screen only kwa doki hii, kwa hiyo ilifanya lile la kawaida, ikatandaza picha kwenye skrini mbili, moja ya kweli na moja ya kufikirika.

Tukaitafuta hiyo ya kufikirika kwa jina. Kwenye PowerShell ya laptopu ya mwenzake niliandika:

```
Get-CimInstance -Namespace root\wmi -ClassName WmiMonitorID |
  Select-Object Active, InstanceName
```

Zilitoka safu mbili, zote zikiwa na True chini ya Active. Moja ilikuwa ya skrini ya laptopu. Nyingine ilikuwa na kitambulisho kisichofanana na cha monita yoyote iliyomo ofisini. Nikapiga magoti chini ya meza. Nyuma ya doki, kwenye tundu la HDMI, ilikuwa inaning'inia adapta ndogo ya kugeuza HDMI kuwa VGA. Aliyehamisha monita alichomoa kebo ya VGA na kwenda nayo, adapta akaiacha palepale. Nilipoichomoa adapta, laptopu ya karani ikawaka na doki yake bila giza. Nilipoirudisha, giza.

Wengine wangeishia hapo. Mimi huona ni lazima kujua kwa nini adapta isiyoshika kitu ihesabiwe kuwa monita, maana adapta hizi zimejaa katika kila ofisi yenye monita za zamani.

HDMI ina pini ya 19, ambayo kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba upande wa pili kuna kitu kimechomekwa. Ikipata taarifa hiyo, kompyuta inasoma kitambulisho cha monita, kinachoitwa EDID. Ni kijitaarifa kidogo, sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu, chenye jina la mtengenezaji, namba ya aina na vipimo vya picha ambavyo monita inaviweza. VGA haina pini ya kutangaza kwamba monita imechomekwa. Sasa adapta inakaa katikati ya dunia hizi mbili. Ndani yake mna chipu inayopata umeme kupitia HDMI yenyewe, volti 5 za pini ya 18, na kwa upande wa kompyuta chipu hiyo ndiyo monita. Adapta zilizotengenezwa kwa uangalifu huchunguza kwanza kama kweli kuna monita upande wa VGA. Nyingi za bei nafuu hazijisumbui: zikipata umeme tu, zinatangaza kuwepo, na zikiombwa kitambulisho zinatoa cha kwao kilichoandikwa kiwandani. Ni kama askari wa getini anayemwambia kila mgeni kwamba bosi yumo, hata siku bosi akiwa Kampala.

Kuna jambo moja hapa linalohitaji maelezo, na msomaji makini atakuwa ameshaliona. Windows hutunza mpangilio kwa kufuata kitambulisho. Monita ya zamani ilipokuwepo, adapta ilipaswa kupitisha kitambulisho cha monita. Monita ilipoondoka, kikabaki cha adapta. Hizo ni skrini mbili tofauti machoni pa Windows, na ile Second screen only iliyowekwa kwa ya kwanza haikupaswa kuihusu ya pili. Basi ilihamiaje?

Haikuhama. Nilikwenda kwenye meza ya mtunza fedha nikaiangalia kebo ya VGA. Kichwa cha VGA kina nafasi za pini 15. Kukosekana kwa pini ya 9 ni kawaida, kebo nyingi huja bila hiyo na hakuna kinachoharibika. Lakini kebo hii haikuwa na pini ya 12 wala ya 15, na hizo mbili ndizo zinazobeba mazungumzo ya kitambulisho kati ya monita na upande wa pili. Rangi na picha zilipita bila shida kwenye pini nyingine, kitambulisho hakikuwahi kupita hata siku moja. Kwa hiyo tangu mwanzo Windows haikuijua monita ile. Iliijua adapta. Monita ilipoondoka, kwa Windows hakuna kilichobadilika: skrini ileile, kundi lilelile, agizo lilelile.

Karani alithibitisha hilo bila kujua. Alikumbuka kwamba monita ile siku zote ilikuwa na herufi zenye ukungu, na mwanzoni kabisa ilikataa kuonyesha picha mpaka yule kijana alipopunguza kipimo. Monita yenyewe ni ya 1440 kwa 900. Adapta ilikuwa inaitangaza kuwa ya 1920 kwa 1080, laptopu ikatuma picha ambayo monita haikuiweza, na kijana akashusha hadi 1280 kwa 720 ili kazi iendelee. Monita inayoonyesha kipimo kisicho chake na isiyokubali kile cha asili yake ni dalili kwamba kitambulisho hakifiki. Dalili hiyo ilikuwepo muda mrefu kabla ya giza.

Marekebisho yalikuwa mepesi, ila yana mpangilio wake. Kuchomoa adapta kunaondoa giza lakini hakufuti agizo. Siku mtu akiirudisha adapta ileile, giza linarudi nayo. Kwa hiyo tuliirudisha kwa makusudi, tukaacha skrini iwe nyeusi, tukaandika nenosiri gizani, kisha tukabonyeza Windows na P. Orodha inafunguka kwenye skrini isiyokuwepo, huioni, lakini ipo. Mshale wa juu mara moja, Enter, kisha subiri sekunde chache. Kama picha hairudi, rudia kwa kupanda tena. Ya karani ilirudi ikiwa katika Extend, nasi tukaibadilisha kuwa PC screen only. Agizo jipya likaandikwa juu ya la zamani kwa kitambulisho kilekile. Ndipo tukaichomoa adapta na kuitoa kabisa nyuma ya doki, maana hata kwenye Extend skrini hewa ni usumbufu: dirisha linafunguka huko usikoweza kulifikia na mtu anadhani programu imekataa kufunguka.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi huikimbilia, ya kufuta kumbukumbu yote ya mipangilio kwenye rejista ya Windows. Inafanya kazi, na kuna wakati ndiyo pekee, hasa kumbukumbu inapokuwa na maingizo mengi ya monita zilizopita na Windows inachanganya. Mahali penyewe ni chini ya GraphicsDrivers, vifungu vya Configuration na Connectivity. Ukilazimika, hifadhi nakala kwanza ukiwa na haki za msimamizi:

```
reg export HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\GraphicsDrivers gd.reg
```

Kisha futa vilivyomo ndani ya vifungu hivyo viwili tu, doki ikiwa imechomolewa, na uwashe upya. Utapoteza mipangilio ya kila monita na projekta iliyowahi kuunganishwa. Kwa karani hatukuifanya, kwa sababu tatizo lilikuwa ingizo moja na tulilijua kwa jina.

Kwa mtunza fedha, kebo ilibadilishwa kwa yenye pini kamili. Ya kununua sokoni iangalie kwa macho kabla ya kulipa, upande wa pini: ya 12 na ya 15 ziko safu ya chini, ukihesabu kutoka 11. Pini kuwepo hakuhakikishi kwamba waya upo ndani, kwa hiyo mwenye mita apime mwendelezo kati ya ncha mbili. Monita ikajitambulisha kwa jina lake, kipimo cha 1440 kwa 900 kikatokea kwenye orodha, na ukungu wa herufi ukaondoka. Adapta pia inapimika peke yake: ichomeke kwenye tundu la HDMI la laptopu yoyote bila kitu upande wa VGA, kisha fungua Settings, System, Display. Ikionekana skrini ya pili, hiyo si ya kuachwa kwenye doki.

Kisa hiki kina mipaka, na sitaki mtu aanze kulaumu adapta kwa kila giza. Ikiwa taa ya Caps Lock imeganda, au tukio la 41 lina BugcheckCode isiyo 0, hiyo ni mashine iliyokwama au kuanguka kweli. Hapo angalia draiva, programu ya BIOS na joto. Ikiwa giza linakuja hata doki ikiwa tupu kabisa, bila chochote kwenye matundu ya picha, skrini hewa haiwezi kuwa sababu, ingawa baadhi ya doki zina chipu ya kugeuza VGA ndani yake na zinaweza kufanya ujanja uleule. Na ikiwa giza linadumu sekunde mbili tatu kisha picha inarudi, huenda ni doki na laptopu zinaelewana tu, jambo la kawaida. Karani aliuliza kuhusu hilo la mwisho siku hiyohiyo, kwa sababu kila akichomeka doki skrini yake bado inapepesa mara moja. Nilimwambia aiache ipepese.